Sura ya 6: Kiti Kitupu cha Jumamosi

Katika saluni za kusuka za Sinza, Kinondoni au Mbagala, hakuna saa inayogombewa kama saa 3 asubuhi ya Jumamosi. Anayetaka rasta ndogo, ndefu, kisha awahi sherehe ya jioni, lazima aketi kitini mapema. Kichwa kimoja cha namna hiyo hula saa tano, na msusi mmoja hamalizi zaidi ya viwili kwa siku. Mteja aliyeiomba saa hiyo tangu Jumanne akiingia mitini, hasara haianzi Jumamosi. Ilianza Jumatano, pale mteja wa pili alipopiga simu akaambiwa nafasi imejaa, akaenda kwingine.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme ufundi wa kichwa hicho ni shilingi 60,000, na makubaliano ya saluni ni msusi kuchukua asilimia 40. Kiti kikikaa kitupu asubuhi nzima, msusi anapoteza 24,000 na mwenye saluni 36,000. Kodi ya fremu haipungui. Umeme wa taa na feni unaendelea kuliwa. Kinachookolewa ni shampuu kidogo na mafuta ya kichwa. Duka la nguo likikosa mteja leo, gauni litabaki kwenye henga mpaka kesho, lakini saa tano za msusi hazina kesho.

Ndiyo maana saluni nyingi zinazofanya kazi kwa miadi zimeingia kwenye mambo matatu: advansi, meseji za kukumbusha, na masharti ya kughairi yaliyoandikwa. Wengi huyatumia yote kwa pupa, kama adhabu, kisha wakashangaa wateja wakihama. Kosa lao ni kudhani kwamba wote wasiotokea ni watu wa aina moja.

Wako wa aina tatu. Wa kwanza hakuwa na nia thabiti tangu mwanzo: aliandika kwenye saluni tatu ili achague asubuhi, au aliandika akiwa hana hela akitumaini itapatikana. Wa pili alikuwa na nia lakini amesahau, au amechanganya siku na saa. Wa tatu alikumbuka vizuri, ila mambo yamebadilika, na anaona aibu kupiga simu kusema haji. Advansi humchuja wa kwanza. Meseji humkamata wa pili. Masharti yaliyo wazi humfungulia mlango wa tatu, atoke mapema na kwa heshima. Ukimtibu mmoja kwa dawa ya mwingine, tatizo linabaki palepale.

Advansi ya kiasi gani?

Zamani kudai advansi kulimaanisha mteja afunge safari mpaka saluni kuacha noti. Malipo ya simu yaliondoa kikwazo hicho. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, ikafika Tanzania mwaka 2008, na leo mteja aliyeko ofisini Posta anaweza kulipia nafasi yake Sinza kabla simu haijakatwa. Swali lililobaki ni kiasi.

Wenye saluni wengi huanza na kidogo, 5,000 kwa mfano, ili wasiwaudhi watu. Utafiti mmoja kutoka Haifa, Israel, unaonyesha kwa nini kidogo kinaweza kuwa kibaya kuliko kutodai kabisa. Mwaka 2000 wachumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha walichokiona kwenye vituo 10 vya kulelea watoto, ambako wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto jioni. Vituo sita viliweka faini ya shekeli 10 kwa kila mzazi aliyechelewa. Idadi ya wanaochelewa haikupungua. Iliongezeka mpaka ikakaribia mara mbili. Mzazi aliyekuwa akiona haya kumchelewesha mwalimu sasa aliona amelipia muda huo. Faini ilipoondolewa, ucheleweshaji haukurudi ulipokuwa. Haya ilikuwa imeshakwisha.

Advansi ya 5,000 kwenye kazi ya 60,000 inaingia kwenye mtego huohuo. Mteja aliyepata mwaliko wa ghafla anapiga hesabu, anaona 5,000 ni nauli ya bodaboda mara mbili, anaiacha iende, na hapigi simu kwa kuwa ameshalipa. Saluni imempoteza mteja, imepoteza asubuhi, na imepoteza hata ile haya iliyokuwa ikimfanya aseme samahani.

Upande wa pili, kudai bei yote kabla ya kazi kunamtisha mtu ambaye hajawahi kuiona saluni. Hajui kama msusi ataanza saa 3 kweli, wala kama rasta zitafanana na picha. Anaombwa aamini kila kitu naye haaminiwi chochote.

Kiasi kinachofanya kazi hupatikana kwa kuuliza jambo moja: msusi alipwe nini ili asubuhi yake isiwe bure? Kwa bei ya 60,000, theluthi moja, yaani 20,000, inatosha kumfanya mteja afikirie mara mbili, na bado si hela ya kumkimbiza mwenye nia. Ikipotea, 10,000 iende kwa msusi na 10,000 ibaki kwa saluni. Mgawo huu si hisani. Msusi asiyeona chochote katika advansi iliyopotea hujilinda kwa njia zake: anampa mteja wa kupita kiti kilichoshikwa, au anaandika watu wawili saa moja ili mmoja akikosa mwingine awepo. Siku wote wawili wakitokea, yule aliyelipa advansi anakaa kwenye benchi akisubiri, na masharti yote ya saluni yanageuka kichekesho.

Kuna kazi ambazo theluthi haitoshi. Mteja akitaka saluni imnunulie rasta Kariakoo, tena za rangi isiyotoka haraka dukani, advansi ifikie kwanza bei ya rasta hizo, kisha ndipo iongezwe sehemu ya ufundi. Pakiti za rangi nyeusi namba 1 zitamfaa mteja mwingine wiki hiyohiyo. Pakiti sita za shaba au zambarau zinaweza kukaa kabatini mwaka mzima. Bibi harusi naye ana hesabu yake: asubuhi nzima ya Jumamosi, pengine wasusi wawili na mtu wa mekapu, na tarehe isiyohamishika. Hapo nusu ya bei si nyingi, na ilipwe majuma kadhaa kabla.

Kwa upande mwingine, kuosha na kuseti, kunyoa, au kusuka mistari ya dakika 40 hakuhitaji advansi. Nafasi fupi hujazwa na mtu anayepita nje. Kudai 3,000 kwa kazi ya 10,000 kunaleta mabishano mengi kuliko hela inayookolewa.

Namna ya kupokea nayo ina mitego. Advansi ipitie Lipa Namba ya biashara, isiende kwenye simu ya msusi, kwa sababu msusi akihama saluni ushahidi unahama naye. Aliyepokea aithibitishe kwenye salio au kwenye taarifa ya malipo ya namba hiyo, si kwenye skrinishoti ya mteja, maana skrinishoti hutengenezwa. Jina linalotokea kwenye malipo mara nyingi si la mteja, ni la mume, dada au wakala. Basi papo hapo kwenye daftari liandikwe jina la mlipaji pembeni ya jina la miadi, pamoja na namba ya muamala. Saluni inayokosa kufanya hivyo itamwambia mtu aliyelipa kwamba hakulipa, mbele ya wateja wengine.

Meseji inayoomba jibu

Meseji ya kukumbusha ina sifa ya kuwa jambo dogo, na kweli gharama yake ni ndogo. Lakini meseji inayosema tu "tunakukumbusha miadi yako kesho" huacha nusu ya kazi bila kufanywa. Aliyeisoma ameisoma; saluni haijui lolote jipya.

Mfano mzuri wa meseji inayofanya kazi yote umetoka Kenya, na haukutoka saluni. Kati ya mwaka 2007 na 2009, watafiti wa mradi wa WelTel waliwafuatilia wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Nusu yao walipata meseji mara moja kwa wiki kutoka kwa muuguzi. Meseji yenyewe ilikuwa neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, "Sawa" au "Shida". Aliyesema shida, na aliyekaa kimya, alipigiwa simu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la kitabibu la Lancet: waliotumia dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 kwenye kundi la meseji, na asilimia 50 kwenye kundi lisilopata.

Ugonjwa na rasta ni mambo mawili tofauti, lakini ufundi wa mawasiliano ni mmoja. Meseji haikutoa hotuba wala haikutisha. Iliuliza swali, likatakiwa jibu, na kimya kilihesabiwa kuwa habari. Saluni inaweza kufanya vivyo hivyo:

"Habari dada. Miadi yako ya kusuka ni Jumamosi, tarehe ___, saa 3 kamili asubuhi. Jibu NDIYO kama unakuja, au HAMISHA kama unataka siku nyingine. Mpaka Ijumaa saa 3 asubuhi kuhamisha ni bure."

Meseji hii itumwe Alhamisi jioni. Hapa ndipo saluni nyingi hukosea bila kujua. Hutuma ukumbusho Ijumaa jioni, wakati masharti yao yanasema kughairi bure kunaisha saa 24 kabla, yaani Ijumaa saa 3 asubuhi. Mteja anakumbushwa baada ya mlango kufungwa. Anayegundua Ijumaa jioni kwamba ana safari hana tena sababu ya kusema: aseme asiseme, advansi imekwenda. Ukumbusho lazima umkute mteja angali na nafasi ya kutoka bila hasara, la sivyo unamkumbusha tu kwamba amepoteza hela.

Asiyejibu mpaka Ijumaa asubuhi apigiwe simu. Tiki mbili za buluu kwenye WhatsApp si jibu, na tiki moja ina maana kwamba huenda bando limeisha. Kwa mteja wa namna hiyo, SMS ya kawaida hufika pale WhatsApp isipofika. Akipatikana, maneno yawe mafupi. Robert Cialdini, mwanasaikolojia wa Marekani, amesimulia habari ya Gordon Sinclair, mwenye mgahawa wa Chicago aliyesumbuliwa na watu walioshika meza wasitokee. Mpokeaji wake wa simu alikuwa akimaliza kwa kusema, tafadhali tupigie ukibadili mipango. Sinclair alimwambia aligeuze liwe swali: je, utatupigia ukibadili mipango? Kisha anyamaze, asubiri jibu. Wasiotokea walishuka kutoka asilimia 30 hadi 10. Aliyetamka "ndiyo, nitapiga" kwa kinywa chake ameweka ahadi, na ahadi humkaa mtu kuliko agizo.

Maneno ya meseji yenyewe yana uzito. Katika hospitali za Barts Health, London mashariki, watafiti walilinganisha aina kadhaa za meseji za kukumbusha miadi, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Meseji ya kawaida iliacha asilimia 11.1 ya wagonjwa wasifike. Meseji iliyotaja kwamba kutofika kunaugharimu mfumo wa afya wa taifa takriban pauni 160 iliishusha idadi hiyo hadi asilimia 8.4. Hakuna aliyetozwa hata senti. Waliambiwa tu kwamba nafasi ile ina gharama. Kwa saluni, sentensi moja inatosha: "Msusi wako amekutengea saa tano, na hatumpi mtu mwingine nafasi hii." Ni taarifa ya kweli, haina lawama ndani yake, na mteja anayeisoma humwona mtu upande wa pili.

Lipo pia tatizo la saa, ambalo vitabu vya biashara vya nchi nyingine haviwezi kulitaja. Programu nyingi za miadi hutuma ukumbusho kwa saa za Kizungu: 9:00 AM. Mteja mwenye haraka anaona tarakimu 9, anasoma saa tisa, anafika alasiri akiwa na rasta zake mkononi, na kiti kilimngojea tangu asubuhi. Kwenye daftari huyu ameandikwa hakutokea, ilhali alitokea na kuapa kwamba yeye ndiye aliyewahi. Tiba ni kuandika "saa 3 asubuhi" kwa maneno ya hapa, na kutaja siku kwa jina pamoja na tarehe. "Kesho" isitumike, kwa kuwa meseji iliyotumwa saa 4 usiku husomwa siku ya pili.

Kazi hii haihitaji programu ya kulipia kila mwezi. WhatsApp Business huruhusu kuhifadhi majibu yaliyokwisha andikwa na kuwawekea wateja alama, kwa mfano aliyelipa, aliyethibitisha, na aliyekaa kimya. Saluni ya wasusi watatu inaweza kuendeshwa kwa daftari kubwa, simu moja ya biashara, na mtu mmoja mwenye jukumu la kutuma kila jioni. La muhimu ni kwamba awe mmoja. Kazi iliyoachiwa wote haifanywi na yeyote.

Masharti ya kughairi

Masharti mengi yanayobandikwa ukutani yameandikwa kwa hasira, baada ya Jumamosi mbaya. Yana herufi kubwa, alama za mshangao, na neno "hairudishwi" mara tatu. Mteja anaelewa kwamba hapa hawamtaki. Masharti mazuri yanaandikwa kwa kuuliza saluni inahitaji muda gani kukiuza tena kiti.

Jibu limo kwenye daftari. Kama nafasi iliyoachwa Ijumaa asubuhi huwa inapata mtu kufikia Jumamosi, saa 24 zinatosha. Kama hupatikana tu ikiachwa tangu Alhamisi, basi saa 48. Saluni inayodai wiki nzima kwa kazi ya kawaida inajilinda na hatari isiyokuwepo. Na ili muda huo uwe na maana, lazima kuwe na orodha ya wanaosubiri: kila aliyepiga simu akakosa Jumamosi aandikwe jina, namba na mtindo anaoutaka, aulizwe kama anaweza kuja kwa taarifa fupi. Bila orodha hiyo, kughairi mapema hakuna faida kwa yeyote.

Masharti yakiandikwa kwa ukamilifu hayazidi mistari hii:

"Nafasi inashikwa ukilipa advansi ya sh. 20,000, nayo inakatwa kwenye bei yako.
Ukighairi au kuhamisha saa 24 kabla, advansi inarudi yote au inahamia siku mpya.
Ukighairi chini ya saa 24, au usipofika, advansi hairudi.
Ukichelewa zaidi ya dakika 30, huenda tukakupa mtindo mfupi zaidi au siku nyingine.
Sisi tukishindwa, tunarudisha advansi yote siku hiyohiyo, na kichwa chako kinachofuata tunakupunguzia sh. 10,000."

Mteja ayapate kabla ya kulipa, kwenye meseji ileile yenye Lipa Namba. Akiyakuta ukutani baada ya kulipa, ana haki ya kusema hakukubaliana nayo. Mkataba hauhitaji muhuri ili uwe mkataba, lakini unahitaji pande mbili kujua zinakubaliana nini. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, katika kifungu cha 74, inazungumzia fidia ya haki kwa aliyevunjiwa makubaliano, isiyozidi kiasi kilichotajwa. Theluthi ya bei kwa asubuhi iliyopotea inaelezeka. Bei yote kwa mtu aliyetoa taarifa siku tatu kabla haielezeki.

Mstari wa mwisho wa masharti yale ndio mgumu kuuandika, na ndio unaoamua kama minne ya juu itaheshimiwa. Mji mzima unajua desturi ya saluni kumwambia mteja aje saa 3 kisha akaanza kusukwa saa 6, kwa sababu msusi amechelewa daladala au anamalizia kichwa cha mtu mwingine. Mteja huyo aliyesubirishwa mara mbili atajifunza kuja saa 5. Baadaye atajifunza kutokuja. Saluni haiwezi kumnyang'anya mtu nafasi kwa kuchelewa ikiwa yenyewe huchelewa bure. Kabla advansi ya kwanza haijapokelewa, wasusi wanapaswa kuwa mlangoni saa 2 na nusu, na umeme ukikatika mteja wa kukaushwa nywele apigiwe simu asije kukaa gizani.

Kisha kuna msiba. Hakuna saluni itakayodumu mtaani kwa kushikilia advansi ya mtu aliyefiwa, wala kwa kumdai cheti cha daktari mama ambaye mtoto wake ameamka na homa. Wanaofanya vizuri huweka kanuni ya ndani isiyobandikwa ukutani: kila mteja husamehewa mara moja bila kuulizwa ushahidi, advansi yake ikahamia siku nyingine, na daftari likaandikwa "msamaha" pamoja na tarehe. Msamaha wa pili unaamuliwa na mwenye saluni mwenyewe. Msusi asiachiwe uamuzi huo, kwa sababu anayeombwa na shoga yake hawezi kukataa, na mteja mgeni akisikia kwamba wengine husamehewa kila mara, masharti yamekufa.

Wateja wa siku zote nao wanahitaji kanuni, kwani hao ndio hukasirika zaidi. Dada aliyesukwa hapo miaka minne anaambiwa ghafla alipe ili aaminiwe. Njia iliyo sawa ni kumwondolea advansi siku za kawaida kwa rekodi yake, si kwa ujamaa: aliyefika mara tano mfululizo bila kukosa halipi advansi kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi. Akikosa mara moja bila taarifa, anarudi kwenye kulipa. Ijumaa, Jumamosi na mkesha wa sikukuu wote wanalipa.

Jambo moja lisifanywe hata kwa mteja mbaya kuliko wote: kuweka jina, picha au meseji zake kwenye hali ya WhatsApp ili kumwaibisha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na Kenya iliipitisha yake mwaka 2019. Namba aliyoitoa ili akumbushwe miadi haikutolewa kwa ajili hiyo.

Hesabu ya mwezi

Je, inalipa? Tuipige hesabu ya mfano kwa saluni ya wasusi watatu, kazi ya 60,000, yenye miadi 100 kwa mwezi.

Kabla ya masharti, tuseme watu 20 hawatokei. Viti vyao vinne vinapata wateja wa kupita. Saluni imesuka vichwa 84, na nafasi 16 zimekufa: 960,000 ambazo wasusi na mwenye saluni walikuwa wagawane.

Baada ya masharti, watu sita wanakataa kulipa advansi na hawaandikwi. Zimebaki miadi 94. Wanane wanaghairi mapema, kwa kuwa sasa kughairi mapema kuna faida, na orodha ya wanaosubiri inajaza nafasi sita kati ya hizo. Watatu hawatokei, kiti kimoja kinapata mpita njia. Vichwa vilivyosukwa ni 83 vya walioandikwa na 7 vya waliojazia, jumla 90. Vichwa sita vya ziada ni 360,000. Advansi tatu zilizopotea ni 60,000. Ongezeko ni 420,000 kwa mwezi.

Hesabu hii ina upande wake wa hatari. Shilingi 420,000 ni sawa na vichwa saba. Advansi ikiwafukuza watu saba zaidi ambao wangefika bila kulipa, faida yote imekwisha, na wa nane anaanza kula mtaji. Kwa hiyo mwenye saluni asihesabu wasiotokea peke yao. Ahesabu pia waliouliza bei, wakaambiwa advansi, wakanyamaza. Wakiwa wengi, tatizo huenda si kiasi: huenda ukurasa wa saluni hauna picha za kazi halisi, au Lipa Namba inaonyesha jina lisilofanana na la saluni, na mteja anaogopa kutapeliwa.

Dalili nyingine ya kuangalia ni uwiano wa wanaoghairi na wasiotokea. Masharti yakifanya kazi, wasiotokea hupungua na wanaoghairi mapema huongezeka. Mwenye saluni asiyelijua hili huona simu za kughairi zimezidi, akadhani mambo yameharibika, akakaza masharti, akawarudisha watu kwenye kimya. Simu ya Alhamisi ya mtu anayesema haji ina thamani, kwa sababu inaiachia saluni siku nzima ya kumtafuta mwingine.

Saluni ya mtaani ambako wateja hukaa benchi kwa zamu, na anayeondoka nafasi yake inachukuliwa na aliye nyuma yake, haihitaji lolote katika haya. Yanaihusu saluni inayouza saa ndefu kwa ahadi. Nayo ianze na wiki nne za daftari kabla ya kutangaza shilingi yoyote: aliyeandikwa nani, siku gani, kazi gani, alifika au la, na kama alitoa taarifa, saa ngapi kabla. Mara nyingi daftari hilo litaonyesha kwamba wasiotokea wamerundikana kwenye siku mbili na aina moja ya kazi, na hapo ndipo advansi iwekwe, si kwingine.